Miguu Ikivimba Jioni, Tazama Usiku na Asubuhi

Jioni ndipo watu wa nyumbani wanapogundua. Mzee anavua kandambili mlangoni, na alama ya mkanda imebaki imechimbika juu ya mguu. Mara hiyo kila mtu ana jibu lake. Mtoto anasema ni figo, jirani anasema presha imepanda, shangazi aliyekuja kutoka Rufiji anasema kakanyagishwa kitu. Kesho yake mmoja anapita duka la dawa na kurudi na vidonge vya kukojoza.

Usianze na vidonge. Jioni haiwezi kukuonyesha chanzo. Mtu akishinda amesimama au amekaa, maji ya mwili hushuka chini, na penye kasoro yoyote fundo la mguu ndilo huonyesha kwanza. Moyo uliochoka, figo inayovuja na mshipa uliolegea, vyote vitakuletea mguu uleule ifikapo magharibi. Tofauti hujitokeza mzee akishajilaza. Maji yaliyokusanyika miguuni huanza kurudi kwenye damu, na namna mwili unavyoyapokea usiku huo ndiyo inayokupa fununu ya kuanzia.

Nianze na mishipa, kwa kuwa ndiyo inayowapata wengi na haitishi sana. Damu iliyoshuka miguuni hupandishwa tena moyoni kwa msaada wa msuli wa kigimbi. Kila unapopiga hatua, kigimbi kinakaza na kuibana vena iliyo ndani, damu inasukumwa juu, na vali ndogo zilizomo humo zinaizuia isirudi. Kwa mama aliyezaa mara nyingi, au aliyesimama kwenye moto wa mama lishe miaka thelathini, au fundi aliyekaa kwenye cherehani umri wake wote, vena hutanuka hadi midomo ya vali haikutani tena. Damu inatuama, msukumo ndani ya vena unapanda, na maji yanachuja kwenda kwenye nyama. Joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi huzidisha hali hiyo, na kiti cha daladala iliyokwama kwenye foleni ya Mbagala hakisaidii.

Mguu wa aina hii hulala umevimba na kuamka umenywea. Mara nyingi mmoja umezidi mwenzake, na ukitazama vizuri utaona mishipa iliyojisokota chini ya ngozi. Sehemu ya ndani, juu kidogo ya fundo, ngozi huwa na rangi ya kahawia au weusi usiokuwepo zamani, inawasha, na baadaye huwa ngumu. Hapo ndipo kidonda kisichopona hupenda kuota. Lakini mzee anapumua vizuri, analala chali bila shida, na akiinua miguu juu ya mto anasema anajisikia nafuu.

Moyo ni habari nyingine. Moyo usipoweza kupokea na kusukuma damu yote inayoletwa, damu hurundikana nyuma yake: upande wa kulia hurundikana kwenye vena za mwili mpaka miguuni, upande wa kushoto hurundikana mapafuni. Figo nazo zikiona damu inazifikia kidogo, hudhani mwili umekauka, zikaanza kuzuia chumvi na maji. Mchana maji hayo yako miguuni, mbali na mapafu. Usiku mzee anapolala, sehemu ya maji hayo huanza kurudi kwenye mzunguko, na moyo ambao mchana ulijikongoja sasa unapewa mzigo wa ziada. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo huanza kulalamika saa sita au saa saba za usiku. Anaamka anahema, anakaa ukingoni mwa kitanda, anafungua dirisha. Kikohozi kikavu kinamjia akilala na kutulia akikaa. Mto mmoja hautoshi tena, anataka miwili, kisha mitatu, na mwishowe utamkuta amelala kwenye kochi sebuleni akidai kwamba chumbani kuna joto. Anaamka kukojoa mara tatu au nne, kwa sababu maji yaliyokuwa miguuni yamefika kwenye figo.

Kikohozi hicho hupotosha familia nyingi. Mzee anapewa dawa ya kifua, kisha antibiotiki, wakati mwingine anapimwa kifua kikuu, na hakuna anayeuliza analala na mito mingapi. Muulize. Na umuulize pia kama alikuwa akipanda daraja la waenda kwa miguu bila kupumzika mwaka jana na sasa anasimama katikati.

Historia ya presha ina uzito mkubwa hapa. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Abel Makubi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuata wagonjwa zaidi ya 400 wa moyo kushindwa kufanya kazi. Presha ilikuwa ndiyo chanzo kwa karibu nusu yao, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Kwa hiyo mzee mwenye presha ya muda mrefu, anayekunywa dawa siku akijisikia vibaya na kuacha akipata nafuu, akianza kuvimba miguu, mshuku moyo kwanza hadi vipimo vikuonyeshe vingine.

Figo zina njia mbili za kuvimbisha. Ya kwanza ni kuvuja protini. Ndani ya damu kuna protini iitwayo albumini, na kazi yake mojawapo ni kuyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Kichujio cha figo kikiharibika, mara nyingi kwa sababu ya kisukari, albumini hupotea kwenye mkojo na maji hukosa wa kuyazuia. Kwa kuwa tatizo liko kwenye damu yenyewe, uvimbe hauchagui miguu peke yake. Mzee akilala, maji hutafuta sehemu laini, na sehemu laini kuliko zote ni kope. Anaamka macho yamevimba na uso umejaa, pete haitoki kidoleni, na kadiri siku inavyokwenda uso hunywea na miguu hujaa. Njia ya pili ni figo kushindwa kabisa kutoa maji na chumvi. Hapo mkojo unaweza kupungua, presha hupanda, hamu ya chakula hupotea, mwili unawasha, na maji yakizidi huingia hata mapafuni, kwa hiyo mgonjwa wa figo naye anaweza kuhema usiku sawasawa na mgonjwa wa moyo.

Mkojo wenye povu ni dalili ya kweli, ila husomwa vibaya. Mkojo wowote ukianguka kwa kasi hutoa povu, na kwenye choo cha shimo huoni chochote. Mpe mzee kikombe cha plastiki kinachoonyesha, akojolee humo mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha ukiache dakika tano. Povu la kawaida litakuwa limeisha. Likibaki limetanda juu, nenda naye kituoni akapimwe kwa kijiti cha mkojo, kwa sababu kijiti hicho kinaona protini kuliko jicho lako, na hata zahanati nyingi wanacho.

Sasa fanya hivi kwa siku tatu, ilimradi mzee hana hali ya dharura nitakayoieleza mbele. Saa kumi na mbili jioni, kabla hajaenda kuoga, mkalishe na umbonyeze kwa kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, vidole vinne juu ya fundo, upande wa ndani. Usibonyeze na kuachia. Shikilia huku ukihesabu mpaka kumi na tano. Ukiachia, tazama kishimo: kina gani na kimechukua muda gani kujaa. Fanya miguu yote miwili. Kisha chukua futi ya fundi cherehani, weka alama ya kalamu mahali penye wembamba juu ya fundo, pima mzunguko na uandike. Kesho yake upime palepale.

Usiku andika mito aliyolalia, mara alizoamka kukojoa, na kama aliamka kwa kukosa pumzi. Asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, rudia kubonyeza na kupima, mtazame kope, kisha akishakojoa na kabla ya chai apande mizani akiwa na nguo nyepesi ileile. Kilo moja iliyoongezeka kwa usiku mmoja au miwili ni lita moja ya maji, si chakula. Kilo mbili ndani ya siku tatu ni sababu ya kutosha kwenda hospitali hata kama anasema hajambo. Kumbuka kwamba mwili wa mtu mzima huficha lita mbili au tatu kabla mguu haujaonyesha, kwa hiyo mizani huwa inatangulia.

Mpango huu una mipaka yake. Moyo ulioanza tu kuchoka unaweza kukudanganya, mguu ukanywea asubuhi kama wa mishipa. Mzee anayelala amekaa kwenye kochi hafanyi jaribio la usiku hata kidogo, kwa kuwa miguu yake inaning'inia saa ishirini na nne. Aliyelala kitandani muda wote kwa kiharusi anaweza kuwa na miguu mikavu wakati maji yote yako mgongoni. Mbonyeze juu kidogo ya makalio. Na tumbo likitangulia kujaa kabla ya miguu, chanzo huenda ni ini, nalo lina njia yake.

Kabla ya kulaumu kiungo chochote, mwaga mezani dawa zote anazotumia. Amlodipini, ambayo hutolewa sana kwa wagonjwa wa presha, huvimbisha miguu ya watu wengi, hasa dozi inapofika miligramu 10, na nifedipini vilevile. Hutanua mishipa inayoleta damu bila kutanua sawasawa ile inayoirudisha, na maji yanachuja. Uvimbe huo hauondoki kwa dawa ya kukojoza. Unaondoka daktari akipunguza dozi au akiongeza dawa ya aina nyingine. Usimwachishe mwenyewe, maana presha itaruka. Mkosaji mwingine ni diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti. Hizi huzifanya figo zizuie chumvi, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu siku chache tu zinatosha kumjaza maji.

Kuna mguu ambao haungojei siku tatu. Mguu mmoja ukivimba ghafla, kigimbi kikiuma na kuwa cha moto, hasa baada ya upasuaji, kuvunjika nyonga au safari ya basi ya kutwa nzima, fikiria damu iliyoganda kwenye vena. Pima vigimbi vyote viwili kwa futi, upana wa kiganja chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita tatu, ondokeni leo. Usiukande wala kuusugua, kwa sababu donge likichomoka huenda mapafuni. Matende, ambayo mwambao wetu unayafahamu sana, huja taratibu kwa miaka, na vipindi vya homa na mguu kuwaka, kisha ngozi inakuwa nene na haibonyei tena. Hayo hayaanzi jioni na kuisha asubuhi. Na mzee anayehema akiwa amekaa, anayekohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, mwenye maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa au aliyeacha kukojoa, huyo hakuna cha futi wala mizani. Mwite mwenye gari.

Nitoe mfano nilioutunga, ila umepita njia ya wagonjwa wengi wa Temeke. Bibi wa miaka 71, Mbagala, presha yake ina miaka kumi na mitano. Anauza vitumbua asubuhi na anakunywa amlodipini ya miligramu 10. Miguu imekuwa ikivimba jioni kwa miezi miwili, wa kulia zaidi, na kwenye huo wa kulia kuna mishipa iliyojisokota tangu alipozaa mtoto wa nne. Mwanzoni uvimbe ulikuwa unaisha asubuhi. Binti yake alisoma mahali kwamba mishipa hutibiwa kwa kuinua miguu, akampangia mito miwili miguuni na kumwondolea ya kichwani.

Asubuhi akamuuliza, "Shikamoo mama, umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala wapi? Hiyo mito yako imenipandisha pumzi mpaka kooni. Nimekesha kwenye kiti."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vingi. Mguu wa mishipa ukiinuliwa hupata raha, lakini maji yakirudishwa kwa moyo usioyaweza yanapanda mapafuni. Binti akaanza kuandika. Siku ya kwanza mizani ilisoma kilo 71, siku ya tatu kilo 73. Fundo la kulia lilikuwa sentimita 27 jioni na 26 asubuhi, la kushoto 25 na 24 na nusu, yaani yote mawili hayakunywea kikamilifu. Kope zilikuwa za kawaida. Mito mitatu, kukojoa mara nne usiku, kikohozi. Kwenye kapu la dawa akakuta diklofenaki ambayo mama amekuwa akinunua mwenyewe kwa ajili ya goti, vidonge viwili kwa siku, kwa wiki tatu.

Kituo cha afya walipima presha, ikawa 178 kwa 102, na kijiti cha mkojo kikaonyesha protini kidogo sana, isiyotosha kueleza uvimbe wa namna ile. Wakampa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Wa Bunju au Tegeta angeelekezwa Mwananyamala, na wale wanaohitaji mabingwa zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 palepale Muhimbili. Vipimo vinavyotenganisha moyo na figo si vingi: damu kwa ajili ya kreatinini na potasiamu, mkojo, sukari, picha ya kifua, umeme wa moyo, na ultrasaundi ya moyo ambayo wengi huiita eko.

Eko yake ilisema moyo unasukuma asilimia 56. Binti alitokwa na machozi akidhani mama amebakiwa na nusu ya moyo. Hapana. Moyo mzima hautoi damu yote iliyomo kwa pigo moja. Asilimia 55 na kuendelea ni kawaida. Tatizo lilikuwa mistari miwili chini: kuta zimenenepa na chumba cha juu kushoto kimetanuka. Miaka ya presha ilikuwa imeukakamaza moyo, ukawa unasukuma vizuri lakini haulegei vya kutosha kupokea damu. Ugonjwa huu hupita machoni pa watu kwa urahisi, kwa sababu anayesoma asilimia peke yake atakwambia moyo ni mzima. Ukipewa karatasi ya eko ya mzee mwenye presha, muulize daktari kuhusu unene wa kuta na ukakamavu, si kuhusu asilimia tu.

Daktari aliisimamisha diklofenaki na kuweka parasetamoli mahali pake. Akapunguza amlodipini hadi miligramu 5, akaongeza losartani, akaandika furosemaidi ya asubuhi, na akaagiza kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki moja. Agizo hilo la kurudia ndilo linalokosekana kwa anayejinunulia dawa ya kukojoza dukani. Furosemaidi humwaga potasiamu pamoja na maji, nayo ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Dawa yenyewe ikizidi, hukausha mwili mpaka mzee anaanguka akiamka usiku. Na mwenye vena mbovu hanufaiki nayo, maana vali hazitengenezwi kwa kukojoa.

Nyumbani kazi kubwa ilikuwa chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha yote iliyomo chakulani. Bibi huyu hakuwa anaongeza chumvi mezani. Chumvi yake ilitoka kwa papa mkavu, ng'onda na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Kipande cha ng'onda hata ukikiloweka hubaki na chumvi nyingi. Waliacha vitu hivyo vitatu, wakaweka ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Walikuwa pia wakimkanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi kila jioni. Hilo nalo likaachwa, kwa kuwa joto hutanua mishipa na kuongeza uvimbe, na kwa mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu linaunguza bila yeye kujua.

Baada ya siku kumi mizani ilisoma kilo 68 na nusu, mito ikapungua hadi mmoja, kikohozi kikakoma bila dawa ya kifua. Mguu wa kushoto ukawa mkavu. Wa kulia ukaendelea kuvimba kidogo kila jioni na kuisha kabisa kila asubuhi, kwa sababu zile vena za mtoto wa nne hazikwenda popote. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyanzo viwili, na kutibu kimoja hakufuti kingine.

Kwa mguu huo alishauriwa soksi za kubana, baada ya daktari kupapasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya fundo na kuridhika kwamba damu inafika vizuri, na baada ya mapafu kuwa makavu. Soksi hizo hazivaliwi kwa kubahatisha: mwenye miguu ya baridi, mwenye kisukari cha muda mrefu au mapigo yasiyosikika anaweza kuozeshwa vidole. Huvaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa bado mwembamba, na kuvuliwa wakati wa kulala. Mzee asiyeweza kuzivuta mwenyewe avalishwe na mtu aliyevaa glavu za mpira za jikoni, ambazo hushika kitambaa bila kuteleza, na mikunjo yote inyooshwe ili isikate ngozi nyuma ya fundo.